Kwa Nini Dozi ya Kwanza ya Kinini Ni Mara Mbili?

Ninyi mnaojifunza kazi ya dawa hapa Likasi, sikieni swali la mtihani. Mtu mzima wa kilo 50 ana malaria kali, na artesunati haipatikani. Atapewa kinini kiasi gani? Shirika la Afya Duniani linaagiza miligramu 20 za chumvi ya kinini kwa kila kilo, kisha miligramu 10 kwa kila kilo kila saa 8. Basi ni 1000 kwanza, halafu 500. Sababu ni nini?

Mwili huondoa dawa kidogo kidogo. Muda ambao nusu yake huondoka huitwa nusu-maisha. Kwa mtu mwenye afya nusu-maisha ya kinini ni saa 11 hivi, lakini malaria kali huirefusha hata saa 18. Kwa hesabu yetu tuweke 16. Hapo baada ya saa 8 hubaki sehemu 0,71 ya dawa iliyokuwamo.

Tukianza na 500 tu, saa ya 8 zimebaki 355. Tukiongeza 500 tunapata 855. Saa ya 16 zimebaki 607, na tukiongeza 500 tunapata 1107. Basi tumechelewa saa 16 kufikia 1000, na malaria ya ubongo haingoji. Tukianza na 1000, saa ya 8 zimebaki 710. Pamoja na 500 ni 1210.

Je, kiasi kitapanda bila mwisho? Sivyo. Fikirini pipa lenye tundu: maji yakizidi, yanayotoka huzidi pia, mpaka yalingane na yanayoingia. Huo ndio usawa wa dawa. Kila saa 8 hutoka sehemu 0,29. Basi 500 ÷ 0,29 ni karibu 1720, kilele cha usawa. Hufikiwa baada ya nusu-maisha 4 au 5, yaani saa 64 hadi 80. Dozi ya kwanza haifupishi muda huo. Hutuanzishia tu karibu zaidi na kilele.

Angalieni: kinini hutiwa polepole ndani ya serumu ya glukozi, dozi ya kwanza kwa saa 4. Kusukumwa kwa haraka katika mshipa huweza kusimamisha moyo. Mgonjwa akitoka jasho au akizidi kupotewa na fahamu, pimeni sukari ya damu mara moja, maana kinini huishusha.

Swali: mtoto wa kilo 15 aanze na ngapi? Jibu: 15 × 20, yaani miligramu 300. Lakini mkimwuliza mama yake, naye akasema mtoto alipewa kinini jana usiku katika zahanati, dawa ile ingalimo mwilini. Mtoto huyo aanze na 150.