Ubuyu na Ukwaju wa Kiangazi: Vinywaji vya Masasi na Newala

Ubuyu na ukwaju hukomaa wakati mmoja. Mvua za Masasi na Newala huisha kati ya Aprili na Mei, na kuanzia Juni miti hiyo miwili huwa na matunda makavu, wakati mboga za mabondeni zinaanza kunyauka na maembe bado yako mbali. Mabibo ya mikorosho nayo huja baadaye, kuelekea Oktoba. Kwa hiyo kuna miezi mitatu au minne ambayo kaya nyingi hukosa tunda bichi la kula, na ndiyo miezi ambayo maji ya ubuyu na ya ukwaju hunywewa sana katika eneo hili la Wamakonde, Wayao na Wamakua.

Mibuyu hupenda nchi ya chini yenye joto: kuzunguka milima ya mawe ya Masasi na kuteremkia bonde la Ruvuma. Newala imekaa ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, na udongo wake wa kichanga hunyonya mvua haraka, ndiyo maana maji yamekuwa adha ya mahali hapo tangu zamani. Kabla ya mabomba, wanawake walishuka bondeni kuteka maji na kupanda nayo kichwani, na kaya nyingi bado hukinga maji ya mvua kutoka kwenye mabati. Uhaba huo una uhusiano wa moja kwa moja na vinywaji hivi, kwa sababu namna ubuyu unavyofanya kazi tumboni hutegemea kiasi cha maji kinachoandamana nao.

Buyu huangushwa kwa magongo au husubiriwa lianguke lenyewe, kisha hupasuliwa kwa jiwe. Ndani mna mbegu nyeusi zilizofunikwa na unga mweupe mkavu, na nyuzi nyekundu zinazoushikilia. Watoto humung'unya mbegu hizo hivyo hivyo. Unga wa kinywaji hupatikana kwa kutwanga mbegu polepole kinuni, kiasi cha kuambua unga bila kuvunja mbegu, halafu kuuchekecha. Wengine hawatwangi. Huloweka mbegu zenye unga katika maji ya uvuguvugu kwa nusu saa, huzivuruga kwa mwiko mpaka maji yawe mazito na meupe, kisha huchuja. Ukwaju hutengenezwa kwa njia inayofanana na hiyo: ganda huondolewa, nyuzi huvutwa, nyama yake ya kahawia hulowekwa, hukamuliwa kwa mkono na kuchujwa. Katika nyumba za Waislamu, hasa Wayao, maji hayo huingia pia katika uji wa futari mwezi wa Ramadhani, na ukali wake huamsha hamu ya chakula baada ya kufunga mchana kutwa.

Maji ya kulowekea huchemshwa kwanza na kuachwa yapoe, kwa kuwa ukali wa tunda hauui vijidudu vya homa ya matumbo wala kipindupindu kwa kiasi cha kutegemewa. Ubuyu wenyewe hauchemshwi, kwani moto huharibu vitamini C, ambayo ndiyo mali yake kubwa. Chombo kinachofaa ni cha udongo, cha kioo, au cha plastiki ya chakula. Sufuria ya alumini haifai kulowekea ukwaju usiku kucha: asidi hula alumini hiyo, na maji hubaki na ladha ya bati.

Vinywaji hivi viwili husemwa kwa pamoja kana kwamba ni kitu kimoja, lakini lishe yake inatofautiana sana. Gramu 100 za unga wa ubuyu zina vitamini C ya takriban miligramu 200 hadi 300, ingawa kiasi hubadilika kutoka mti hadi mti na hupungua unga unapokaa. Karibu nusu ya uzito wa unga huo ni nyuzi lishe, nyingine za kuyeyuka katika maji na nyingine zisizoyeyuka. Ukwaju una vitamini C kidogo mno, kama miligramu 3 au 4 tu kwa gramu 100, na wanaodhani kila kitu kikali kina vitamini hiyo wanadanganywa na ulimi. Ukali wa ukwaju unatokana hasa na asidi ya tartariki. Zaidi ya nusu ya uzito wa nyama yake ni sukari ya asili, na una potasiamu na magnesiamu kwa kiasi cha kuridhisha.

Ubuyu nao una sifa moja iliyotiwa chumvi: kwamba unashinda maziwa kwa kalsiamu. Ni kweli kwamba gramu 100 za unga zina miligramu zinazokaribia 300, na gramu 100 za maziwa zina kama 120. Lakini hakuna anayekunywa gramu 100 za unga. Glasi ya maji ya ubuyu ina kijiko kimoja cha unga, yaani gramu 10, na humo kalsiamu ni kama miligramu 30. Glasi ya maziwa huwa na miligramu 300. Ubuyu hauwezi kusimama mahali pa maziwa kwa mtoto anayekua.

Kuhusu choo, wakazi hutoa kauli mbili zinazoonekana kupingana: wengine husema ubuyu unalainisha, wengine husema unafunga. Zote mbili ni za kweli, na tofauti iko kwenye maji. Nyuzi za ubuyu hunyonya maji na kuvimba. Zikinywewa katika maji mengi, hufanya choo kuwa kingi na laini, nacho hupita bila mtu kujikamua. Zikilambwa kavu na mtu ambaye hajanywa maji tangu asubuhi, hunyonya unyevu uliopo tumboni, na choo huwa kigumu zaidi. Kwa sababu hiyo hiyo ya kunyonya, wazee wamewapa ubuyu mzito watu wanaoharisha. Jambo hili lina hatari kwa mtoto mdogo, kwani choo kinaweza kuonekana kimeshikana huku mwili ukiendelea kukauka. Dawa ya mtoto anayeharisha ni maji ya chumvi na sukari ya pakiti kutoka zahanati, yaani ORS, pamoja na zinki.

Ukwaju hulainisha kwa njia nyingine. Asidi yake na chumvi zake za potasiamu hazifyonzwi zote na utumbo, na zinazobaki huvuta maji kuingia ndani ya utumbo. Kazi hiyo huonekana baada ya saa kadhaa, na kadiri kipimo kinavyoongezeka ndivyo tumbo linavyosokota na choo kuwa maji. Ni haluli ya upole katika glasi moja, na ya usumbufu katika glasi nne. Maji ya ukwaju yakichujwa vizuri hayana nyuzi nyingi, kwa hiyo hayajengi choo cha kesho kama ubuyu unavyofanya. Anayesumbuliwa na choo kigumu kila wiki hufaidika zaidi na ubuyu wa kila siku, ilhali ukwaju humfaa aliyefunga choo siku moja au mbili, kwa mfano baada ya safari ndefu au siku za kula ugali wa muhogo bila mboga.

Kipimo cha busara kinaweza kuonekana katika kaya ya watu wanane wanaokula pamoja mwezi wa Agosti. Maji lita 2 hutoa glasi 8 za mililita 250. Vijiko 8 vya chakula vya unga wa ubuyu vilivyojaa, yaani gramu 80 hivi, humpa kila mtu gramu 10. Humo mna vitamini C ya miligramu 20 hadi 30, wakati mahitaji ya mtu mzima kwa siku, kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, ni 45. Nyuzi lishe ni kama gramu 4 au 5 ikiwa kinywaji hakikuchujwa kwa kitambaa kizito, kati ya 25 zinazohitajika. Kinywaji hiki kikinywewa pamoja na mlo wa mbaazi au kisamvu, vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika vyakula hivyo, kwa hiyo wakati wake mzuri ni mezani.

Tatizo la kaya hiyo ni sukari. Kijiko kimoja cha chakula cha sukari kwa kila glasi ni gramu 12, na hicho kinavumilika. Vijiko vitatu, kama inavyozoeleka penye sherehe na vibandani, ni gramu 36, na kikomo kinachoshauriwa kwa siku nzima ni 50, heri 25. Ukwaju unahitaji uangalifu zaidi kwa kuwa tayari una sukari yake: gramu 20 za nyama katika glasi moja huleta gramu 11 kabla ya kuongeza chochote. Ubuyu wa rangi nyekundu unaouzwa kwenye vifuko umepikwa kwa sukari na rangi, na unastahili kuhesabiwa pamoja na peremende.

Mtu mzima asiyezoea huanza na glasi moja ya ubuyu kwa siku, na baada ya wiki anaweza kufika mbili, akinywa maji mengine ya kutosha. Akizidisha haraka, hujaa gesi na tumbo huvimba. Ukwaju humtosha glasi moja, au mbili zilizoachana kwa saa kadhaa ikiwa choo kimefunga. Mtoto wa miaka mitano hadi kumi hupewa nusu glasi iliyozimuliwa. Mtoto wa chini ya miezi sita hapewi kabisa, kwani maziwa ya mama yanamtosha. Wenye vidonda vya tumbo huchochewa na asidi, wenye ugonjwa wa figo huweza kudhurika kwa potasiamu, na ukwaju huongeza ufyonzwaji wa aspirini na ibuprofeni, hivyo haunywewi pamoja na dawa hizo.

Kinywaji kilichokaa bila jokofu huisha siku hiyo hiyo. Kikianza kutoa mapovu au harufu ya pombe, humwagwa. Unga mzuri wa ubuyu ni mweupe wa maziwa na humwagika kama unga wa ngano. Uliogeuka kahawia na kushikana mabonge umeingiwa na unyevu, na wenye ukungu hautwangwi tena wala hauchujwi.

Choo kilichofunga zaidi ya siku tatu mfululizo pamoja na maumivu makali, kutapika au damu si cha kutibiwa kwa glasi nyingine ya ukwaju. Mgonjwa wa namna hiyo apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.