Leseni ya Daraja E au C: Miaka Iliyojificha Ndani ya Tangazo la Kazi

Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma ikitangaza nafasi za Dereva Daraja la II, simu za vijana mtaani huanza kulia. Mmoja anamtumia mwenzake picha ya tangazo, mwingine anauliza nani anajua kuingia kwenye mfumo wa maombi. Wengi wanasoma mambo mawili tu: elimu ya kidato cha nne, ambayo wanayo, na leseni, ambayo nayo wanayo. Wanaomba. Baadaye majina ya walioitwa kwenye usaili yanatoka na wao hawamo, na maneno ya "kujuana" yanaanza.

Kujuana kuwepo au kusiwepo, mara nyingi jibu lilikuwa kwenye sentensi moja chini ya kichwa kinachosema "Sifa za Mwombaji". Kwa miaka mingi sentensi hiyo imekuwa ikisema karibu maneno yaleyale: mwombaji awe na cheti cha kidato cha nne, awe na leseni ya daraja E au C ambayo ameifanyia kazi kwa muda usiopungua mwaka mmoja bila kusababisha ajali, na awe amehudhuria mafunzo ya msingi ya uendeshaji magari VETA au chuo kingine kinachotambuliwa na serikali.

Isome polepole. Haitaki leseni tu. Inataka daraja fulani la leseni, kisha mwaka mzima wa kulifanyia kazi daraja hilo, kisha cheti cha chuo. Kila kimoja kina muda wake, na muda wa kwanza ndio mrefu kuliko watu wanavyodhani.

Leseni ambayo vijana wengi wa shule za udereva hutoka nayo ni ya daraja D au B. Daraja B ni la gari binafsi: haliruhusu kuendesha gari la biashara. Daraja D linaruhusu magari ya aina zote isipokuwa pikipiki, magari makubwa mazito na magari ya abiria. Daraja E ndilo linalofungua mlango wa magari mazito, yaani lori na ndugu zake, lakini bado si ya abiria. Daraja C ni la mabasi yanayobeba abiria 30 au zaidi, na chini yake kuna C1, C2 na C3 kwa magari ya abiria yanayozidi kupungua ukubwa, mpaka kufikia teksi.

Mtu anayeijua kazi yenyewe anaweza kushangaa hapa. Dereva wa halmashauri mara nyingi atakabidhiwa Landkruza au pikapu ya idara, gari ambalo daraja D linalimudu bila tatizo. Mbona watake E? Binafsi naona daraja hapa linatumika kama kipimo cha uzoefu kuliko kipimo cha gari. Huwezi kulipata E bila kwanza kukaa barabarani miaka kadhaa, kwa hiyo mwajiri akitaja herufi moja ameshawaacha pembeni wote waliotoka shule ya udereva mwaka jana.

Maana kanuni ya Tanzania ni hii: mwombaji wa daraja E lazima awe ameshakuwa na daraja D kwa muda usiopungua miaka 3. Na mwombaji wa daraja C awe ameshakuwa na C1 au E kwa muda usiopungua miaka 3.

Tumchukue kijana mmoja wa kufikirika wa Morogoro, tupige naye hesabu. Alianza na leseni ya kujifunzia, ile ya daraja H, akasoma shule ya udereva, akapimwa na trafiki na kupewa cheti cha kufaulu, kisha akaenda Mamlaka ya Mapato kulipia, kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Juni 2022 akakabidhiwa kadi ya daraja D. Machi 2025 anakutana na tangazo la Dereva Daraja la II. Leseni yake ina miaka miwili na miezi tisa. Hata angekimbia kesho yake kuomba kupandishwa daraja, angeambiwa asubiri mpaka Juni. Akilipata E mwezi huo wa Juni 2025, bado tangazo linataka mwaka mmoja wa kulifanyia kazi. Kwa hiyo tarehe ya kwanza ambayo anaweza kuomba kazi hiyo akiwa ametimiza sifa zote ni Juni 2026, miaka minne kamili tangu aipate D.

Tangazo lenyewe kwa kawaida huwa wazi kwa wiki mbili hivi. Ndani ya wiki mbili unaweza kuthibitisha vyeti kwa wakili na kuandika barua ya maombi, lakini huwezi kuzaa mwaka. Kwa hiyo hesabu hii inafaa kufanywa kabla tangazo halijatoka. Matangazo ya udereva hujirudia kwa sifa zilezile, na aliyesoma la mwaka huu anaweza kujipanga kwa lijalo.

Mwenzake aliyechukua daraja B ana shida kubwa zaidi. Hata kama amekuwa akiendesha gari la mjomba wake miaka mitano, kinachohesabiwa kuelekea E ni miaka ya daraja D. Ukiwa unajifunza udereva leo na una nia ya kuufanya kazi, uliza mapema shule inakuandalia daraja gani. Kupanga vizuri siku hiyo kunaweza kukuokolea miaka 3 baadaye.

Mtego mwingine uko kwenye herufi C. Dereva wa daladala ndogo ana kadi yenye C2, anasoma "E au C" na kuona amefuzu. Lakini tangazo limetaja C bila namba, na C isiyo na namba ni ya basi kubwa. Mwenye C1 au C2 asijipe moyo kwa kufanana kwa herufi. Aulize Sekretarieti kabla ya siku ya mwisho. Ukiangalia ngazi yenyewe utaona kwa nini nasema E ndiyo njia fupi: kwenda C kwa njia ya E ni miaka 3 ya D na miaka 3 ya E, jumla 6, kabla hujaanza kuhesabu ule mwaka wa kazi.

Kuhusu cheti cha mafunzo ya msingi hakuna mengi ya kusema. Ni mafunzo ya wiki, si ya miaka. VETA wanayatoa, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kule Mabibo nacho kinafundisha madereva, na yanaweza kufanywa wakati unasubiri miaka ya D itimie. Kosa la kawaida ni kuyaacha mpaka tangazo litoke, halafu unakuta darasa linaanza mwezi ujao. Kosa jingine ni kuwasilisha cheti cha shule ya mtaani bila kuhakikisha kama inatambuliwa.

Halafu kuna ushahidi wa miaka. Leseni ya Tanzania siku hizi hudumu miaka 5, kisha unaihuisha. Ukihuisha, usitupe nakala ya kadi ya zamani, kwa sababu siku ya kuulizwa tangu lini una daraja fulani, kadi mpya peke yake inaweza isitoshe kueleza. Omba pia barua kwa mwajiri inayotaja aina ya gari uliloendesha na kipindi chake. Barua inayosema tu kwamba fulani ni kijana mwadilifu haithibitishi mwaka wa kuendesha kwa daraja E.

Nje ya serikali sifa hubadilika, na hapo ndipo kijana wetu wa Morogoro anaweza kupata riziki wakati anasubiri. Kampuni inayosambaza soda kwa pikapu inaweza kuridhika na D. Kampuni ya mabasi ya mikoani, kinyume chake, haitaishia kwenye leseni. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, inawafanyia madereva wa magari ya biashara mtihani wa kuwathibitisha, na dereva wa basi aliyesajiliwa hupewa kitufe cha utambuzi anachokigusisha kwenye kifaa cha kufuatilia mwendo ili mfumo ujue nani yuko kwenye usukani. Kwa hiyo anayeomba kazi ya basi aulize mambo mawili: daraja, na kama amethibitishwa na LATRA.

Hapo udereva unaanza kufanana na udaktari na uhandisi, ambako cheti cha chuo ni kitu kimoja na ruhusa ya kufanya kazi ni kitu kingine. Kwenye tangazo la daktari utaona sharti la kumaliza mafunzo kwa vitendo na kusajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Mafunzo hayo ni ya miezi 12 hospitalini baada ya shahada, na wakati huo mhitimu huwa na usajili wa muda tu. Aliyemaliza chuo Novemba na kuanza mafunzo Januari hawezi kuomba nafasi ya Juni inayotaka usajili kamili, hata awe amefaulu vipi.

Kwa wahandisi neno la kuangaliwa ni aina ya usajili. Bodi ya Usajili wa Wahandisi, inayofanya kazi kwa sheria ya mwaka 1997, humsajili aliyemaliza shahada kama mhandisi mhitimu. Kuwa mhandisi mtaalamu ni jambo jingine: kunahitaji angalau miaka 3 ya kazi chini ya usimamizi wa mhandisi aliyebobea, pamoja na taarifa za kazi hiyo. Tangazo la mwajiri binafsi linaweza kuandika kwa ufupi "awe amesajiliwa na Bodi", na tofauti ya aina hizo mbili ni miaka 3. Piga simu, uliza wanataka usajili gani. Swali hilo halimfanyi mtu aonekane mjinga. Linaonyesha kwamba anaijua kazi.

Angalia pia kitenzi. "Awe na" au "awe amesajiliwa" ni sharti, na asiyenacho hapiti. "Itakuwa sifa ya ziada" au "atapewa kipaumbele" inaacha mlango wazi, na hapo inafaa kuomba hata kama bado hujakamilisha, mradi useme ukweli kuhusu ulipofikia. Usipakie risiti ya maombi ya usajili badala ya cheti chenyewe. Matangazo ya serikali yameshaweka wazi kwamba hati za matokeo na matokeo ya muda havipokelewi, na sioni kwa nini risiti iwe na bahati kuliko hati ya matokeo.