Muamala wa Ethereum umekwama: kweli na uongo kabla hujabonyeza tena

Bukoba na Muleba wapo vijana wanaofanya kazi kwa wateja wa nje na kulipwa kwa USDT, kisha wanamwuzia mtu aliye karibu ili wapate shilingi. Siku moja muamala unagoma. Skrini inaandika `Pending` saa nzima, mnunuzi anapiga simu, mtumaji anabonyeza tena, na wa pili nao unagoma. Hapo ushauri huanza kumiminika kutoka kila upande, na mwingi wake unaweza kumtia hasara kubwa kuliko huko kukwama kwenyewe. Tuyapime madai saba yanayosikika sana.

1. “Wa pili ukiulipia ada kubwa, utaupita wa kwanza.” UONGO

Kila muamala unaotoka kwenye pochi ya Ethereum hubeba namba ya zamu, ambayo kwenye skrini huandikwa `Nonce`, tuiite nonsi. Muamala wa kwanza kabisa wa pochi hupewa 0, unaofuata 1, na kuendelea bila kuruka hata namba moja. Mtandao hauwezi kuutekeleza wa 8 kabla ya wa 7. Ada kubwa hukusaidia kuwashinda watu wengine wanaogombea nafasi, lakini haibadilishi mpangilio wa miamala yako mwenyewe. Lori likizimika katikati ya daraja la Kyaka, la nyuma yake halivuki eti kwa sababu lina injini yenye nguvu zaidi.

Wa kwanza hukwama kwa sababu gani? Tangu tarehe 5 Agosti 2021, kila bloku ya Ethereum ina ada yake ya msingi, na mtumaji huweka kikomo cha juu cha ada anachokubali kulipa. Bloku mpya huja kila sekunde 12, na ada ya msingi inaweza kupanda hadi asilimia 12.5 kutoka bloku moja hadi nyingine. Bloku tano zikijaa mfululizo, ada hupanda kwa asilimia 80 ndani ya dakika moja. Kikomo kilichotosha ulipobonyeza kinaweza kuwa kidogo mno kabla hujaweka simu mfukoni.

2. “Fedha zimeshatoka, piga huduma kwa wateja wazirudishe.” UONGO

Fedha bado ni zako. Salio la kwenye mtandao halipungui mpaka muamala uingie kwenye bloku. Pochi nyingine huonyesha mapema kiasi kilichopungua, lakini hayo ni mahesabu ya programu tu.

Kuhusu kurudishiwa, tumezoea kampuni ya simu kuzuia fedha zilizotumwa kimakosa. Huku hakuna kaunta ya namna hiyo. Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza Novemba 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini, kwa hiyo usitegemee ofisi ya Bukoba ikutatulie. Mwenye ufunguo wa pochi ndiye pekee anayeweza kufungua kizuizi. Akitokea mtu anayesema atakufungulia mradi umpe yale maneno 12 ya siri, huyo amekuja kuchukua pochi nzima.

3. “Futa programu, ingiza maneno yako kwenye simu nyingine.” UONGO

Zamu hufuata anwani yako, si simu. Nodi za mtandao ndizo zinazohesabu miamala ya anwani, na hesabu hiyo utaikuta vilevile kwenye simu yoyote. Hata kitufe cha MetaMask cha kufuta data ya shughuli husafisha kumbukumbu za programu peke yake. Muamala uliokwisha kutumwa kinauacha palepale ulipo.

Kitufe hicho kina faida pale tu ambapo programu imekosea kuhesabu. Huku kwetu hilo hutokea kwa urahisi: uko kisiwani Bumbile au Goziba, intaneti inakatika wakati unatuma, programu inajiandikia kwamba wa 7 umekwenda, kumbe haukufika kwenye nodi yoyote. Baadaye unatuma wa 8, nao unasubiri wa 7 ambao haupo.

Ili kujua uko katika hali gani, uliza nodi maswali mawili:

```
{"jsonrpc":"2.0","id":1,"method":"eth_getTransactionCount","params":["ANWANI_YAKO","latest"]}
{"jsonrpc":"2.0","id":2,"method":"eth_getTransactionCount","params":["ANWANI_YAKO","pending"]}
```

Jibu la `latest` ni idadi ya miamala iliyokwisha kuingia kwenye bloku, na ndiyo nonsi inayodaiwa sasa. Jibu la `pending` huongeza humo inayosubiri kwa mfuatano usio na pengo. La pili likizidi la kwanza, muamala uko foleni na ada yake haitoshi. Yakilingana, huku programu yako ikidai kuna unaosubiri, nodi hiyo haiujui: kuna pengo. Asiyetaka kuandika amri aubandike utambulisho wa muamala kwenye Etherscan. Usipoonekana kabisa, yaelekea ni pengo.

4. “Tulia, baada ya siku moja utajifuta.” UNA UKWELI KIDOGO

Hakuna saa ya mtandao mzima inayofuta miamala. Kila nodi ina foleni yake na kanuni zake. Programu ya Geth, inayoendesha nodi nyingi, isiporekebishwa huiweka miamala iliyo nyuma ya pengo kwa saa 3 hivi bila shughuli mpya, kisha huitoa. Ule ulio tayari kwa zamu lakini una ada ndogo huondolewa foleni inapojaa, na wenye ada ndogo ndio hutangulia kutolewa.

Lakini kutolewa kwenye foleni si kufa. Sahihi uliyoitia haina tarehe ya kuisha, na yeyote aliyeitunza nakala yake anaweza kuirusha tena wiki ijayo, nayo itakubalika maadamu nonsi ile haijatumika. Kinachouua muamala ni kimoja tu: muamala mwingine wenye nonsi ileile kuingia kwenye bloku kabla yake.

5. “Kitufe cha `Cancel` huufuta muamala.” UONGO

Kitufe hicho hutuma muamala mpya: ETH sifuri kwenda kwenye anwani yako mwenyewe, wenye nonsi ya ule uliokwama na ada kubwa zaidi. Ukiingia kwanza, ule wa zamani unakosa zamu milele, na nodi zitaujibu `nonce too low`. Lakini hayo ni mashindano. Ada ya soko ikishuka ghafla, wa zamani unaweza kutangulia. Na kughairi kunalipiwa gesi kama muamala mwingine wowote, kwa hiyo mwenye USDT nyingi na ETH sifuri hawezi kughairi chochote mpaka aongezewe ETH kidogo.

6. “Ongeza ada kwa asilimia 10, itatosha.” UONGO

Asilimia 10 ni kiingilio tu. Geth hukataa mbadala ambao haujaongeza angalau kiasi hicho, na lazima uongeze kotekote: kikomo cha ada (`maxFeePerGas`) na bakshishi ya anayetengeneza bloku (`maxPriorityFeePerGas`). Ukiongeza kimoja utajibiwa `replacement transaction underpriced`.

Kukubaliwa foleni, hata hivyo, si kuingia kwenye bloku. Kama kikomo kilikuwa gwei 2 na ada ya msingi sasa ni gwei 6, kupandisha hadi 2.2 kutakuacha palepale. Angalia soko la sasa, uongeze nafasi ya kupumulia: hapa gwei 12 ingefaa. Hutatozwa zote 12. Utalipa ada ya msingi ya bloku hiyo pamoja na bakshishi.

7. “Kizuizi kikiondoka, ya nyuma hupita yenyewe.” KWELI, na hapo ndipo penye hatari

Tuchukue mfano wa mbunifu wa picha wa Muleba. Miamala yake 7 imekamilika, yaani nonsi 0 hadi 6. Ana USDT 400 na ETH 0.004. Anamtumia mnunuzi wa Bukoba mjini USDT 150 kwa nonsi 7, kikomo gwei 2. Ada ya msingi inapanda hadi 6, muamala unakwama. Anadhani haukwenda, anatuma 150 tena kwa kikomo cha gwei 12. Pochi inaupa nonsi 8. Kisha anamtumia mwenzake USDT 40 kwa nonsi 9. Akiuliza nodi, `latest` inajibu `0x7` na `pending` inajibu `0xa`, yaani 10. Mitatu iko foleni.

Ushauri atakaopewa na wengi ni kubonyeza `Speed up` kwenye wa 7. Akifanya hivyo wa 7 utapita, na wa 8 wenye ada nzuri utaufuata pengine katika bloku hiyohiyo. Mnunuzi atakuwa amepokea USDT 300 kwa shilingi za 150, na kurudisha kutategemea uungwana wake.

Njia salama ni kughairi wa 7 badala ya kuuharakisha. Malipo anayoyataka yamo tayari ndani ya wa 8, tena kwa ada inayotosha. Kutuma ETH sifuri hutumia gesi 21,000. Kwa kikomo cha gwei 12 haitazidi ETH 0.000252. Mbadala huo ukiingia, wa 8 unalipa 150 mara moja, wa 9 unalipa 40, na USDT 210 zinabaki.

Afanye hivyo wakati ada ya msingi bado iko juu ya gwei 2, maana ikishuka chini ya hapo wa 7 wa zamani utaponyoka. Na ukiponyoka, akimbilie kughairi wa 8, akiweka kikomo cha zaidi ya gwei 13.2 na kupandisha bakshishi vilevile.

Kama lilikuwa pengo tu, yaani wa 7 haukufika popote, utaratibu haubadiliki ila ni mwepesi zaidi. Anaandika mwenyewe nonsi 7 kwenye pochi na kujitumia ETH sifuri kwa ada ya soko. Hakuna asilimia 10 ya kuongeza, kwa kuwa hakuna kinachobadilishwa.

Kwa hiyo kabla ya kugusa ule wa mbele, andika kwenye karatasi kila unaosubiri: nonsi yake, anayepokea, kiasi, na ada. Ukiona jina moja na kiasi kimoja mara mbili, amua kwanza upi ubaki. Kumbuka pia kwamba muamala ulioingia kwenye bloku ukashindwa, labda kwa kukosa salio la USDT, umelipia gesi na umetumia zamu yake, hauzuii inayofuata. Mwisho uliza tena nodi. `latest` na `pending` zikijibu `0xa` zote mbili, foleni imekwisha, na muamala wako ujao utaanza na nonsi 10.