Miche 30,000 ya Sabuni Isiyokwisha

Kiwanda cha sabuni za mche hakisubiri mwisho wa mwezi ndipo kimalize kazi. Mhasibu anapofunga vitabu vya Juni, sehemu ya sabuni iko ghalani tayari kuuzwa, na sehemu nyingine bado inakauka au inangoja kukatwa. Fedha imetumika kwa zote. Swali ni kiasi gani kibebwe na zile zilizokwisha, na kiasi gani kibaki kwa zile zilizo njiani.

Jibu linaanzia jikoni. Mafuta ya mawese na kostiki soda huingia kwenye tangi siku ya kwanza, vyote kwa pamoja. Kutoka hapo hakuna malighafi nyingine inayoongezwa, ila mishahara, umeme na uchakavu wa mashine, ambavyo huingia kidogo kidogo wakati sabuni inachemshwa, inakaushwa, inakatwa na kupigwa chapa. Hizi ndizo gharama za ugeuzaji. (Maboksi ya kufungashia hesabu yake ni ya peke yake, maana huingia mwisho kabisa.)

Tuchukue mfano wa kiwanda kilichoanza Juni na miche 20,000 ambayo haijakamilika, kikaanzisha mingine 100,000. Hadi mwisho wa mwezi miche 90,000 imekamilika, na 30,000 imefikia asilimia 30 ya kazi ya ugeuzaji. Jambo la kwanza ni kuhakikisha miche inatosheleza: 20,000 na 100,000 ni 120,000, na 90,000 na 30,000 ni 120,000. Zikitofautiana, kuna sabuni iliyopotea, iliyoharibika au iliyohesabiwa vibaya, na hakuna haja ya kuendelea mpaka ijulikane ilipo.

Sasa inatafutwa idadi linganifu, yaani kazi iliyofanyika ingetosha kukamilisha miche mizima mingapi. Kwa malighafi, ile miche 30,000 inahesabiwa yote, kwa sababu mawese yake yalishaingia tangini. Jumla ni 120,000. Kwa ugeuzaji, miche 30,000 iliyofika asilimia 30 ni sawa na miche 9,000 iliyokamilika, kwa hiyo jumla ni 99,000. Bidhaa ni moja lakini idadi ni mbili, na hapo ndipo wengi huteleza.

Njia ya wastani huchanganya gharama zilizotoka Mei na za Juni katika fungu moja. Malighafi ya miche ya mwanzo ilikuwa shilingi milioni 41, ya Juni milioni 211. Jumla, milioni 252, ikigawanywa kwa 120,000 inatoa shilingi 2,100 kwa mche. Ugeuzaji ulikuwa milioni 6 za Mei na milioni 73.2 za Juni, milioni 79.2 kwa 99,000 ni shilingi 800. Mche uliokamilika umegharimu shilingi 2,900, na yote 90,000 imebeba milioni 261. Iliyobaki njiani inabeba milioni 63 za malighafi na milioni 7.2 za ugeuzaji. Ukijumlisha unarudi kwenye milioni 331.2 zilizotumika, bila senti kupotea.

Mhasibu akitumia ile asilimia 30 kwa malighafi pia, atagawanya milioni 252 kwa 99,000. Mche utaonekana umekula malighafi ya takriban shilingi 2,545, na karibu milioni 40 zitahamishwa kutoka kwenye sabuni iliyo njiani kwenda kwenye iliyokamilika. Ikiuzwa mwezi huohuo, faida itapungua kwa kiasi hicho ilhali kiwandani hakuna kilichobadilika.

Asilimia 30 yenyewe ni makadirio ya msimamizi wa uzalishaji. Akisema 50, idadi ya ugeuzaji inapanda hadi 105,000 na gharama ya ugeuzaji inashuka hadi kama shilingi 754 kwa mche. Faida inapendeza ghafla. Ndiyo maana makadirio hayo hulinganishwa na saa za mashine na siku ambazo sabuni imekaa kwenye vikaushio.

Msomaji makini atauliza miche 20,000 ya mwanzo ilikuwa imefikia wapi. Tuseme asilimia 40. Njia ya wastani haihitaji kujua, kwani gharama zake zimo tayari kwenye fungu. Wepesi huo una bei yake. Indonesia, mzalishaji mkubwa wa mawese kuliko wote duniani, ilipozuia kuyauza nje mwishoni mwa Aprili 2022 hadi mwezi uliofuata, kiwanda chenye mafuta ya bei ya zamani tangini kingepata wastani unaoficha bei mpya. Mwezi wa namna hiyo ni bora kutenganisha gharama za mwezi uliopita na za mwezi huu. Katika mfano wetu, miche 8,000 linganifu iliyolipiwa Mei ingeondolewa, na milioni 73.2 za Juni zingegawanywa kwa 91,000: takriban shilingi 804 badala ya 800. Malighafi ya Juni, nayo, ingesomeka shilingi 2,110.