Gigabaiti Mbili Tu: Modeli ya Lugha Isiyohitaji Mtandao

Kompyuta ninayoandikia makala haya ni ya kawaida kabisa. Prosesa yake ina kori nne, RAM yake ni gigabaiti 8, na haina kadi maalumu ya picha. Nimezima Wi-Fi, nimeandika swali, na jibu linajitokeza kwenye skrini neno baada ya neno. Kazi hiyo yote inafanywa na programu huria iitwayo llama.cpp, iliyoanzishwa na Georgi Gerganov mwezi Machi 2023, pamoja na faili moja nililolipakua mara moja tu.

Faili hilo ni modeli ya Llama 3.2, iliyotolewa na kampuni ya Meta mwaka 2024. Ndani yake mna namba zipatazo bilioni 3.2, na kila namba huhifadhiwa kwa baiti 2. Zidisha, utapata gigabaiti 6.4. Windows na programu zake zikishachukua takriban gigabaiti 3, modeli hiyo haina pa kukaa. Ndiyo maana biti za kila namba hupunguzwa, kazi ambayo wataalamu huiita kwantaizesheni.

Njia iliyo rahisi kuielewa inaitwa Q4_0. Namba hugawanywa katika mafungu ya 32. Tuseme katika fungu moja namba iliyo mbali zaidi na sifuri ni -0.80. Programu huigawa kwa 8 na kupata hatua ya 0.10, kisha kila namba huandikwa kwa idadi ya hatua, kuanzia -8 hadi 7. Namba 0.33 huandikwa 3, na ikisomwa tena hurudi ikiwa 0.30. Tumepoteza 0.03, lakini badala ya biti 16 tumetumia 4. Fungu zima, pamoja na baiti 2 za kuweka ile hatua, huchukua baiti 18 badala ya 64. Makosa madogo kama hilo hutokea katika mabilioni ya namba, na kwa kuwa mengine huongeza na mengine hupunguza, maana ya jibu kwa kawaida hubaki. Faili langu ni la aina ya Q4_K_M, ambayo huziachia biti zaidi sehemu za modeli zinazoumia haraka. Lina gigabaiti 2 hivi.

Faida yake nyingine ni kasi. Ili kutoa tokeni moja, yaani neno au kipande cha neno, prosesa hulazimika kuzipitia karibu namba zote za modeli. RAM yangu ni kijiti kimoja cha DDR4-2400, kisichoweza kupitisha zaidi ya gigabaiti 19.2 kwa sekunde. Gawanya kwa 2: tokeni 9 au 10 kwa sekunde ndiyo kasi ya juu kabisa, na katika matumizi halisi hupungua. Kijiti cha pili kinaweza kukaribia kuiongeza kasi hiyo mara mbili, na hivyo kusaidia kuliko prosesa mpya.

Amri ninayotumia ni hii:

```
llama-cli -m Llama-3.2-3B-Instruct-Q4_K_M.gguf -c 4096 -t 4
```

`-t 4` ni idadi ya kori halisi. `-c 4096` ni idadi ya tokeni ambazo mazungumzo yanaweza kubeba, na hapo ndipo wengi hukwama. Kwa modeli hii kila tokeni ya mazungumzo hula kilobaiti 112 za RAM, hivyo tokeni 4,096 huchukua megabaiti 448. Ukiomba uwezo wake wote wa tokeni 131,072, utahitaji gigabaiti 14.

RAM ikizidiwa, si lazima upate ujumbe wa kosa. Programu hulisoma faili moja kwa moja kutoka diski, kwa hiyo vipande visivyoenea huondolewa na kusomwa upya kwa kila tokeni. Utaona neno moja likija baada ya sekunde kadhaa. Fungua Task Manager: diski ikiwa inafanya kazi mfululizo huku prosesa imetulia, funga kivinjari, punguza `-c`, au chukua modeli ndogo zaidi.

Usikimbilie kushuka hadi biti 2. Hapo kila namba hubaki na hatua nne tu, na modeli ndogo huanza kurudia sentensi na kupotea njiani. Hata kwa biti 4, Kiswahili chake huchanganya ngeli, na tarehe au kipimo cha dawa inaweza kukibuni bila kusita. Basi ipe maandishi yako mwenyewe iyafupishe au iyapange, kisha linganisha jibu na ulichoipa. Usiiulize jambo ambalo huna njia ya kulihakiki.