Tathmini ya Mfanyakazi Hodari Aliye na Mguu Mmoja Nje

Desemba, katika benki nyingi za Dar es Salaam na Nairobi, ni mwezi wa kufunga hesabu na mwezi wa fomu. Meneja wa tawi ana rundo la tathmini za kujaza kabla watu hawajatawanyika kwenda likizo. Za walegevu humla muda, kwa sababu kila sentensi itabishaniwa. Ya yule hodari huachwa ya mwisho, ikajazwa kwa dakika tano: “Anajituma, ni mwaminifu, amefikia malengo yote. Aendelee hivyo hivyo.” Kisha sahihi.

Ikiwa mtu huyo ameshachoka na kazi yake, maneno hayo matatu ya mwisho yanamwambia kwamba mwakani hakuna jipya.

Tuchukue mfano wa afisa mikopo aliye mwaka wa nne katika tawi moja. Anahudumia wafanyabiashara wadogo: wenye maduka ya jumla, mafundi samani, wauza vipuri. Mikopo chechefu katika sehemu yake haizidi asilimia 2, wakati kipimo ambacho Benki Kuu ya Tanzania huitaka sekta isikivuke ni asilimia 5. Wenzake wakikwama na jalada gumu humpelekea yeye. Mwanzoni dhamana yenye utata ilimchukua siku mbili kuichambua. Sasa anamaliza asubuhi, na mchana hana la kumshughulisha akili.

Meneja wake amegundua mambo mawili. Katika kikao cha Oktoba, alipoombwa asimamie mpango wa mikopo ya msimu utakaoanza mwakani, dada huyo alisema kwa adabu kwamba labda apewe mwingine. Na zile hoja zake za kikaoni, zilizokuwa zikiwakera watu wa makao makuu, zimekoma kabisa.

Dalili hizo zimewahi kupimwa. Mwaka 2016 Timothy Gardner na Peter Hom, watafiti wa vyuo vikuu vya Marekani, walichapisha orodha ya tabia 13 zinazotangulia mtu kuacha kazi. Miongoni mwake ni kukwepa kujifunga na mipango ya muda mrefu, kupoteza hamu ya kumridhisha bosi, na kufanya kile kinachodaiwa tu bila kuzidisha. Zile ishara zinazopendwa na wambea wa ofisini, kama kuvaa suti siku isiyo ya kawaida au kuomba ruhusa ya kwenda kwa daktari, hazikuingia kwenye orodha. Kinachoangaliwa ni mabadiliko ya mtu mwenyewe, alivyokuwa na alivyo sasa. Kwa mfanyakazi hodari mabadiliko hayo hujificha, maana takwimu zake bado zinang’aa. Hupungua kwanza vile vitu ambavyo hakuna anayemdai: hoja, ubishi, kujitolea.

Basi meneja ana dhana nzito mkononi, na kishawishi cha kwanza ni kuiandika. “Anaonekana hana nia ya kubaki.” Asiiandike. Fomu ya tathmini husomwa na watu wengi kuliko anavyofikiri: ofisi ya rasilimali watu, kamati inayogawa nyongeza za mishahara, bosi ajaye. Mtu wa kamati akikuta sentensi hiyo, nafasi ya mafunzo inapelekwa kwa mwingine, na dhana inajitimiza yenyewe. Tena mhusika naye ataisoma. Zamani katika utumishi wa umma Tanzania bosi alijaza taarifa ya siri. Mwaka 2004 serikali ikaleta mfumo wa wazi, OPRAS, ulioitwa kwa Kiswahili MWAMTUKA, ambamo mtumishi na msimamizi walikaa pamoja kukubaliana malengo na alama. Na hata pale ambapo fomu haionyeshwi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kuomba kuona taarifa zake zinazohifadhiwa. Dhana ina mahali pake, nayo ni mazungumzo yanayotangulia fomu.

Mazungumzo hayo yafanyike wiki moja au mbili kabla ya kuandika, na yasianze kwa “nasikia unataka kutuacha.” Swali hilo lina jibu moja tu la heshima, nalo ni kukana. Inafaa zaidi kuuliza kuhusu kazi yenyewe: “Dada, mwaka huu ni kazi gani ungeweza kuifanya umefumba macho? Na ni ipi iliyokufanya usahau saa ya kutoka?” Katika mfano wetu, jibu la swali la kwanza ni refu: karibu majalada yote ya kawaida. Jibu la pili ni fupi. Mwezi wa Juni mteja mmoja mwenye kiwanda kidogo cha samani alishindwa kulipa, na afisa huyu akakaa naye jioni tatu kupanga upya marejesho yafuate miezi ambayo shule hununua madawati. Alifurahia kuijenga njia mpya ya kutathmini biashara, na hajapata nafasi nyingine kama ile.

Sasa fomu inaweza kuandikwa, na sehemu ya mafanikio ndiyo inayostahili jasho zaidi. Sifa za jumla hazimfikii mtu wa namna hii. Amezisikia miaka minne mfululizo na anajua zinaandikwa bila kuangalia. Meneja aandike tukio, uamuzi na matokeo: “Juni, mteja wa samani alipochelewesha marejesho miezi miwili, alipendekeza ratiba inayofuata msimu wa mauzo badala ya kuuza dhamana. Mteja amelipa kwa wakati tangu Agosti. Utaratibu huo umetumika kwa wateja wengine wanne.” Sentensi tatu hizo zinamwonyesha kwamba bosi aliona akili yake ikifanya kazi, mbali na tarakimu alizoleta. Zitamfaa pia akiomba kazi ndani ya benki hiyo hiyo au kwingine, kwa sababu bosi atakayeombwa barua ya mapendekezo atakuwa na cha kunakili.

Sehemu ya “maeneo ya kuboresha” ndiyo huwaharibia wengi. Fomu inadai kitu, meneja hana kitu, basi anabuni kasoro: “Aongeze ushirikiano.” Au anaandika kile kinachomkera: “Ari yake imepungua.” Mwaka 1996 Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya tafiti nyingi kuhusu mrejesho kazini, wakakuta kwamba katika zaidi ya theluthi ya hali zilizopimwa utendaji ulishuka baada ya mtu kupewa mrejesho. Maelezo yao ni kwamba mrejesho hupoteza nguvu kadiri unavyohama kutoka kwenye kazi na kuelekea kwenye nafsi ya mtu. “Ari imepungua” ni hukumu ya nafsi. Ikiwa kuna jambo la kweli, liandikwe kama kazi: “Katika robo ya mwisho hakutoa mapendekezo kwenye kamati ya mikopo ya tawi, ingawa mapendekezo yake ya Machi na Juni yalikubaliwa yote. Tunahitaji hoja zake.” Ikiwa halipo, hakuna sheria inayokataza kuandika kwamba kiwango cha kazi hii ameshakipita, na kwamba lililobaki ni kumtafutia kazi ya kiwango chake.

Malengo ya mwakani ndiyo mtihani hasa. Meneja mvivu hupandisha tarakimu: wateja 240 wawe 300. Kwa aliyechoshwa na marudio, hayo ni marudio zaidi, na ndiyo malipo ya ajabu ya uhodari katika ofisi nyingi, kwamba anayemaliza mapema huongezewa mzigo wa aliyechelewa. Meneja mwoga naye huweka lengo la miezi 18 akitumaini litamfunga mtu kama kamba. Halitamfunga. Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mwajiriwa anayelipwa kwa mwezi anadaiwa notisi isiyopungua siku 28, isipokuwa mkataba umetaka zaidi. Kenya nako sheria ya mwaka 2007 imetaja muda huo huo. Kazi ya mwaka na nusu iliyo kichwani mwa mtu mmoja haikabidhiki kwa siku 28.

Linalofaa ni lengo fupi lenye mwisho unaoonekana, miezi mitatu hivi, lililojengwa juu ya jibu la lile swali la pili. Kwa afisa wetu linaweza kusomeka hivi: “Ifikapo tarehe 31 Machi, aandike mwongozo wa kurasa zisizozidi sita wa kupanga marejesho kwa biashara za msimu, aujaribu kwa wateja kumi, na awafundishe maafisa wawili kuutumia. Katika kipindi hiki majalada 60 ya kawaida yahamishiwe kwa maafisa hao.” Sentensi ya mwisho isiachwe. Bila kupunguziwa majalada, mradi huo utakuwa kazi ya Jumamosi, na dada huyo atakuwa amepata sababu mpya ya kuondoka.

Lengo la aina hii lina faida kwa pande zote mbili. Akibaki, amepata kitu cha kufikiria na wenzake wamepata mwalimu. Akiondoka Aprili, mwongozo upo na maafisa wawili wanaujua. Si hila dhidi yake, mradi meneja amemwambia wazi kwamba anataka ujuzi huo uwe wa tawi zima.

Kishawishi kingine ni ahadi. “Atafikiriwa kupandishwa cheo” ni sentensi ambayo watu hodari wameisoma mara nyingi mno. Kama meneja hana mamlaka ya kupandisha, aandike kile alichonacho: kwamba atapeleka ombi la kumwazima kwa miezi mitatu kwenye kitengo cha mikopo makao makuu, ombi litaenda kwa mkuu wa kitengo kabla ya tarehe 15 Januari, na jibu lolote atamwambia. Ikiwa tatizo ni mshahara, hakuna ufundi wa kuandika utakaolitatua, na ni afadhali kulisema hilo ana kwa ana kuliko kulifunika kwa sifa.

Limebaki suala la alama. Benki nyingi huweka ukomo wa wanaopata alama ya juu kabisa katika kila tawi, na mtu aliye mlangoni huwa wa kwanza kukatwa: ya nini kumpa anayeondoka? Lakini alama ni ya mwaka uliopita, na mwaka uliopita aliufanyia kazi wote. Akishushwa, wa kwanza kulitambua watakuwa wale wenzake wawili wanaompelekea majalada, maana wanamjua kuliko meneja anavyomjua. Meneja anayekwenda kwenye kikao cha kulinganisha alama abebe zile sentensi tatu za Juni na orodha ya wateja wanne. Wenzake wa matawi mengine wakija na “anajituma sana,” yeye atakuwa na ushahidi.

Mwisho wa fomu kuna nafasi ya maoni ya mfanyakazi, mistari minne au mitano. Meneja amwachie karatasi usiku mmoja badala ya kumsimamia asaini palepale. Akirudisha nafasi hiyo tupu, kikao cha kufuatilia kisisubiri Machi. Kiwekwe wiki ya pili ya Januari, na meneja aje nacho jibu la makao makuu, liwe la ndiyo au la hapana.