Barua ya Kuagiza Kidhibiti cha Pampu Ieleze Kwanza Mtandao Ukikatika

Mwenye biashara ndogo ya kuuza maji ya kisima huko Mlingotini, wilayani Bagamoyo, anayetaka kuendesha pampu akiwa mbali, hulazimika kumwandikia mtaalamu wa programu barua ya mahitaji. Kosa la kawaida ni kuandika tu kuwa pampu iwashwe na kuzimwa kwa simu. Sentensi hiyo pekee inatosha kuzaa kifaa kitakachounguza pampu.

Chukulia tangi la lita 5,000 na pampu inayotoa lita 2,000 kwa saa. Tangi tupu hujaa kwa saa mbili na nusu. Mmiliki akiwa Dar es Salaam anatuma amri ya kuwasha, kisha mtandao unakatika na amri ya kuzima haifiki. Tangi litafurika, na kisima kikikauka, pampu iliyozamishwa, ambayo hupozwa na maji yanayoizunguka, itaungua. Ukanda wa pwani una hatari nyingine: maji baridi ardhini hukaa juu ya maji ya chumvi, hivyo kuvuta kwa muda mrefu huyapandisha ya chumvi. Kisima kikishaingiwa na chumvi huchukua muda mrefu kurejea hali yake.

Kwa hiyo barua itake kila amri ibebe muda wake, kwa mfano:

```
WASHA 150
```

Kifaa kihesabu dakika hizo 150 chenyewe na kuzima bila kusubiri simu. Boya la tangini na kihisi cha kina cha maji kisimani viunganishwe moja kwa moja na swichi ya pampu, ili vikate umeme hata programu ikikwama. Umeme wa gridi ukikatika na kurudi, pampu ibaki imezimwa hadi amri mpya. Amri zipokewe kutoka namba zilizosajiliwa tu.

Jambo la pili ni majibu. Ujumbe kwamba pampu inafanya kazi usitumwe kwa sababu tu amri imepokewa, bali kifaa kiwe kimepima mkondo wa umeme unaoingia kwenye pampu. Fundi umeme aandike ampea za kawaida maji yakitoka. Zikishuka sana, mara nyingi pampu inazunguka bila maji. Zikiwa sifuri, haijawaka kabisa.

Kifaa cha mawasiliano kiwe kimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Kibali cha kutumia maji ni suala la mmiliki na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, si la mtaalamu.

Malipo ya mwisho yafungwe na jaribio mbele ya pande zote mbili: pampu ikiwa inafanya kazi, laini ya simu ichomolewe kwenye kifaa. Ikiwa pampu haikuzima muda ulipotimia, kazi haijakabidhiwa.